Kiputo Kilichokaa Katikati

Majina ya watu wa siku ile ninayo yote kichwani, hata la yule dereva wa bajaji, ila sitayaandika. Wengine bado tunakutana sokoni.

Nilishuka Tunduma kutoka shambani, kijiji cha Ruanda, baada ya magoti kukataa kuchuma kahawa. Binti yangu alinichukua nikae naye. Ana karakana ndogo nyuma ya nyumba, anakereza vyuma na kutengeneza vifaa vya magari makubwa yanayovuka mpaka. Kila asubuhi mimi huketi mlangoni kwenye kigoda changu na ungo wa maharage, nachambua na kusikiliza. Mwanangu wa kiume, mdogo wake, anaendesha kreni. Ndiye anayeitwa lori likipinduka au kontena likilala mtaroni.

Nitasema ukweli: tangu aanze kazi ile sijawahi kula chakula cha mchana kwa amani. Zamani kidogo kreni moja ilianguka hapa hapa mjini, nami nilimwona dereva wake akitolewa. Hakutembea tena. Kwa hiyo mwanangu akipita asubuhi kuniamkia, mimi humwangalia miguu kwanza, ndipo namwitikia.

Asubuhi hiyo alipita mbio.

"Shikamoo Mama. Dada, nikuachie hiki, betri inakaribia kufa. Nitakipitia jioni."

Akaweka mezani kipima pembe chake cha digitali, kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachoonyesha kwa tarakimu kitu kimeinama nyuzi ngapi.

"Na leo utapimia nini?" dada yake akamuuliza.

"Kreni ina kiputo chake cha kupimia usawa pale kwenye sitaha. Kontena la shaba limelala kule mteremkoni, foleni imeziba hadi mpakani. Wananipigia simu kama mimi ndiye niliyelipindua."

"Kunywa chai basi," nikasema.

"Chai yako, Mama, nitaikuta kwa harufu." Akacheka, akaondoka.

Binti yangu akabadilisha betri. Kisha akafanya anachofanya kwa kila kipimo kinachoingia mle ndani, hata kama mwenyewe hajamwomba: akakiweka kwenye meza yake nzito ya chuma iliyonyooshwa, akachora kwa chaki kuzunguka kitako cha kipimo, akasoma. Halafu akakigeuza, mbele kukawa nyuma, akakirudisha ndani ya chaki ile ile, akasoma tena.

Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi hadi nimeelewa, ingawa shule niliacha darasa la nne. Kama meza imeinama kidogo upande wa mlango, kipimo cha kweli kitasema imepanda. Ukikigeuza, kitasema imeshuka, kwa kiasi kile kile. Tarakimu ni moja, alama inabadilika. Na lazima kirudi pale pale kilipokuwa, maana ukisogeza hata kidogo unapima mahali pengine.

Nikamwona ameinama kukisoma tena. Mkono ukiwa bado juu ya kipimo.

"Nini?"

"Mara ya kwanza kimesema imepanda sifuri nukta saba. Nimekigeuza, kinasema imepanda nukta tano."

"Imepanda pande zote mbili?"

"Ndiyo hapo, Mama. Meza haiwezi kupanda pande zote mbili." Akachukua chaki, akajumlisha ukingoni mwa meza, akagawa kwa mbili. "Kipimo chenyewe kinaongeza nukta sita. Meza yangu imeinama nukta moja tu."

Akarekebisha sifuri yake, akageuza tena. Safari hii ikawa nukta moja kupanda, nukta moja kushuka. Lakini hakuridhika. Huenda kipimo kikasema kweli kikiwa kimelala na kikadanganya kikiinuka, na mwanangu hukitumia kwenye mkono wa kreni, uliosimama juu. Akafungua sanduku lake la mbao, lile alilonunua kwa Mzambia aliyekuwa akiuza vifaa vya karakana iliyofungwa. Akatoa upau wa chuma unaong'aa wenye mitungi miwili midogo kama vidole chini yake, anaouita sainba. Kutoka katikati ya mtungi mmoja hadi katikati ya mwingine ni milimita mia. Akapanga vipande vyake vya chuma vya kupimia hadi vikafika milimita hamsini kamili, akavifuta, akavibana vikashikana vyenyewe, akavitia chini ya mtungi mmoja. Hamsini kwa mia ni nyuzi thelathini, aliwahi kunieleza, hakuna kubahatisha. Akaweka kipimo juu.

"Thelathini nukta moja. Ile moja ni ya meza." Akakigeuza, akasoma tena, akatikisa kichwa. "Hakijaharibika. Kinahesabu vizuri. Sifuri tu ndiyo waliyoifundisha vibaya."

"Nani kaifundisha?"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Mimi nimezaa, nimezika, naujua uso wa mtu aliyepatwa na jambo.

"Mama, wanapokiwasha asubuhi pale yadi ya kreni, wanakiweka juu ya sitaha ya kreni, wanabonyeza sifuri. Wanasema kiputo cha sitaha kiko katikati, basi pale pamelala sawa."

"Sasa?"

"Sasa kama pale pangekuwa sawa, kipimo kisingekosea. Kiputo cha sitaha ndicho kinachodanganya. Na leo anacho hicho tu."

Ungo ulinianguka. Maharage yote chini.

Akapiga simu. Ikaita, ikaita. Akapiga tena. Anapokuwa ndani ya kreni simu anaiacha kwenye koti, tunajua sote.

"Nukta sita ni nyingi?" nikauliza.

"Bamba la ile kreni linasema isiiname zaidi ya nusu ya nyuzi." Alikuwa anafuta pimamaji yake, ile ndefu. Hata hivyo aliiweka mezani, akatazama kiputo, akaigeuza, akatazama tena. Nilitaka kumpigia kelele twende. Lakini angeenda na kipimo asichokiamini angemwambia nini mdogo wake?

"Wewe baki, Mama."

"Nibaki nichambue nini?"

Tukapanda bajaji. Malori yalikuwa yamesimama pua kwa mkia, bajaji ikipita ukingoni kwenye kokoto. Dereva wake alikuwa akisimulia habari za mpira. Nilimwambia, "Mjukuu wangu, nyamaza, ukimbie." Akanyamaza. Mimi nilikuwa naangalia mbele juu ya malori, natafuta mkono wa kreni angani. Nilijiambia, ukiuona umesimama, bado yu hai. Tulipopinda kona nikauona. Umesimama. Lakini mikanda ya kunyanyulia mzigo ilikuwa imeshakazwa.

Kontena lilikuwa limelala mtaroni upande wa chini. Kreni iko juu ya barabara, miguu yake minne imetandazwa juu ya mbao. Dereva wa lori lililoanguka, Mzambia, alikuwa amekaa juu ya begi lake. "Mulishani, bamayo," akanisalimia kwa lugha ya kwao, hujambo mama, kwa adabu kama kwamba tumekuja kutembea. Nilimpungia mkono tu, macho yangu kwenye kreni.

Binti yangu alikuwa ameshafika mbele ya kreni, amenyanyua mikono yote miwili juu. Mwanangu akazima.

"Dada! Umefuata nini huku? Na Mama?"

"Shuka."

"Nimeshakaza, dada."

"Shuka nimesema."

Msimamizi wa kazi akaja, jasho linamtoka. "Shikamoo Bibi. Jamani, mambo ya familia si yangoje jioni? Mnaona foleni ile?"

"Marahaba," nikasema. "Nami nina mmoja tu wa kiume."

Akaangalia chini, akatupisha.

Mwanangu alilegeza mikanda kwanza, polepole, ndipo akashuka. Akamwonyesha dada yake kiputo cha sitaha, kile cha duara. "Angalia mwenyewe. Kiko katikati kabisa. Unataka kiende wapi?"

Binti yangu akafuta sitaha kwa kitenge chake, akaweka pimamaji kuelekea mtaroni, akachora chaki. Sote tukainama. Kiputo kilikimbilia upande wa mlima. Kiputo hukimbilia kulikoinuka. Hilo hata mimi nilijua.

"Pimamaji yako mbovu," msimamizi akasema.

"Inawezekana," binti yangu akasema. "Ndiyo maana tunageuza."

Akaigeuza, akairudisha ndani ya chaki. Kama pimamaji ingekuwa ndiyo mbovu, kiputo kingehama nayo, kingekwenda upande wa mtaro. Hakikuhama. Kilirudi upande ule ule wa mlima, kikakaa pale pale, kama mtu anayerudia jibu lake.

Kile cha duara kilikuwa bado katikati, kizuri, kimetulia, na kreni nzima imeinamia mtaroni, upande wa mzigo.

Mwanangu alikaa kwenye ngazi ya kreni. Akasema, "Walichomelea sitaha upya mwezi uliopita, kiputo wakakirudishia wenyewe. Mimi nilikuwa nyumbani na homa." Akasema tena, kwa sauti ya chini, "Kila siku namwambia yule kijana mpya, ukiona kipimo na kiputo vinakubaliana, nyanyua."

"Vitakosaje kukubaliana," dada yake akasema, "kimoja kimefundishwa na mwenzake?"

Walisawazisha upya. Mwanangu akiinua mguu mmoja wa kreni kidogo, dada yake anaweka pimamaji, anageuza, anaweka kwa kukingama, anageuza. Watu wa malori walipiga honi na kutukana. Wacha watukane. Kisha dada yake akakibandika kipima pembe kwenye mkono wa kreni, kile tulichokuja nacho kimerekebishwa, na ikaonekana mkono uko chini kuliko mdogo wake alivyodhani, yaani mzigo ungekuwa mbali zaidi. Mwanangu akauinua.

Aliponyanyua, nilifumba macho. Nilisikia mbao zikilia chini ya miguu ya kreni, mlio mrefu. Mguu wa upande wa mtaro ulizama kidogo kwenye udongo wa ukingo wa barabara, akasimamisha, mzigo ukaning'inia pale, juu kidogo tu ya majani. Dada yake akapima tena mzigo ukiwa hewani. Akainua dole gumba. Nilikuwa nimemshika mkono yule Mzambia bila kujua. Alipouvuta polepole ndipo niliona.

Kontena likakaa kwenye lori.

Je, kreni ingeanguka? Nilimuuliza binti yangu jioni, nikijua akisema sijui atakuwa mkweli, na alisema sijui. Ningependa angesema hapana.

Kile kiputo cha duara walikifungua hapo hapo kwa bisibisi. Kiko dirishani mwa karakana, wanasubiri kipya. Sasa mwanangu hapiti bila kuweka vipimo vyake vyote mezani, na haruhusu mtu kubonyeza sifuri juu ya sitaha. Kunywa chai anakunywa, kwa sababu kugeuza kunachukua muda.

Lakini mimi kile kiputo sikipendi. Dirisha lile limepinda, ukuta wenyewe umepinda, na kila ninapoinua macho kutoka kwenye ungo nakikuta kiko katikati. Nimemwomba binti yangu akigeuze kielekee ukutani.