Jibu la Pili

Nilifundisha hesabu miaka mingi katika sekondari moja huku mlimani, juu ya Moshi, na miaka yote hiyo niliogopwa. Nilijua, na sikuona ubaya. Mwanafunzi akinyoosha mkono kunipinga, darasa zima lilikuwa linainamisha macho, kwa sababu walijua kitakachofuata.

Mwaka mmoja shule kadhaa za jirani zilitunga kwa pamoja mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Swali la kumi na mbili lilikuwa langu, pamoja na mwongozo wake wa kusahihishia. Niliandika √(x + 2) = x − 4. Njia yake naijua hata nikiwa na usingizi: unazidisha kila upande kwa wenyewe ili kipeuo kiondoke, unapanga upya, unapata x² − 9x + 14 = 0. Nikaandika majibu, 7 na 2. Alama tano. Nikafunga bahasha na kwenda kukagua madaftari.

Tulisahihishia katika shule moja mjini, upande wa Njoro, chumba kimoja, kila mwalimu na swali lake. Karatasi zinapita mkono kwa mkono, huangalii ya mwenzako, na anayechelewa anasemwa mpaka jioni. Karibu watoto wote waliandika 7 na 2, maana sote tuliwafundisha vilevile: ukishapata majibu, piga mstari, nenda swali linalofuata. Mmoja tu aliikata 2 na kuandika pembeni, “haifai.” Nikampa tatu kati ya tano, nikaisukuma karatasi mbele, nikamalizia mtori wangu, supu ya ndizi na nyama, kabla haujapoa.

Kumbe alikuwa wa darasa langu. Binti mpole, mama yake anauza ndizi Himo. Alitaka kuendelea na sayansi kidato cha tano, na bila alama nzuri ya hesabu asingepangiwa. Alimwambia kila mtu, hata mpishi wa shule. Siku ya kurudisha karatasi alikuja mezani kwangu.

“Shikamoo, Madam.”

“Marahaba.”

“Naomba uniangalizie swali la kumi na mbili. Ile mbili...”

“Mwongozo nimeuandika mimi,” nikamkatiza. “Umeuona wapi wewe, uanze kuukosoa?”

Darasa likacheka kicheko kile cha kunifurahisha mimi. Nikampa adhabu ya kulirudia swali mara kumi, majibu yote mawili, na kila mara apige mstari chini ya 2. Aliandika vizuri, kwa rula. Nikasaini.

Baada ya hapo hakuuliza tena swali lolote. Mimi nikaona ametulia.

Mtihani wa taifa wa hesabu ulipoisha, nilikuwa nimesimama karibu na geti nikiwasubiri. Wengine walipita wakilalamika. Yeye alikuja mbio, uso umechangamka.

“Madam, limetoka la kipeuo! Namba nyingine, lakini ni lilelile.”

“Umefanyaje?”

“Nimepata majibu mawili. Moja nililirudisha kwenye swali likakataa, lakini sikulikata. Nimepigia mstari yote mawili, kama ulivyonifundisha.”

Nikamuuliza likakataa vipi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwacha amalize kusema. Akachukua kijiti, akachuchumaa, akaandika kwenye vumbi swali letu la zamani ili nielewe. Weka 7: kipeuo cha 9 ni 3, na 7 toa 4 ni 3. Sawa. Weka 2: kipeuo cha 4 ni 2, lakini 2 toa 4 ni hasi mbili. Pande hazilingani.

Nikaona palepale. Mbili na hasi mbili, kila moja ukiizidisha kwa yenyewe unapata nne. Tulipozidisha pande zote tulifuta ile hasi, na 2 ikaingia bila kuwa jibu la swali. Kuirudisha kwenye swali na kuijaribu ni kazi ya nusu dakika. Mtoto aliifanya nusu dakika hiyo. Mimi mwenye mwongozo sikuifanya, na nilimwadhibu kwa kuifanya.

Aliuona uso wangu. Akasimama polepole, kijiti bado mkononi.

“Kwa hiyo ile ya kwanza nilipatia?”

“Ulipatia.”

“Na leo nimekosa?”

Niliwaza kumwambia kwamba huenda wasahihishaji watampa alama za njia, kwamba swali moja si mtihani mzima. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa ya kunifariji mimi. Nilimuonea aibu mtoto wa watu.

“Leo umekosa,” nikasema. “Na nimekukosesha mimi.”

Akaunganisha mikono, akapiga goti kidogo, jinsi tulivyowazoesha kufanya mwalimu akimaliza kuwasahihisha.

“Asante, Madam,” akasema.