Viatu Viwili Chini ya Kitanda

Namshukuru Mungu aliyeniachia macho yanayoona bado, mkono usiotetemeka sana, na subira ya kufuta na kuchora tena. Sifa ziwe zake kabla sijaanza kusema yangu. Habari hii iliisha vizuri, lakini haikuisha vizuri kwa sababu ya akili yangu, na ndiyo maana naanza na shukrani.

Nimefundisha watoto wa shule ya Jumapili kanisani kwetu, karibu na Matinyani huko Kitui, tangu nikiwa msichana. Vitabu vya picha hatukuwa navyo. Nilichora mwenyewe kwa penseli nyuma ya kalenda za mwaka uliopita: kondoo, mashua, watu wenye vichwa vya mviringo na macho ya nukta mbili. Watoto hao sasa ni wazazi, na wengine ni nyanya. Hata leo nikipita sokoni nasikia, "Yule mama wa kondoo."

Basi Jumapili moja baada ya ibada, muuguzi wa zahanati yetu alinifuata mpaka nyumbani. Ni kijana wa kiume, tunamwita daktari na yeye ameacha kukataa. Alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, maneno yamejaa toka juu mpaka chini, juu ya kuumwa na nyoka.

"Susu," aliniambia, maana kwetu nyanya huitwa susu, "hii karatasi hakuna mtu anaisoma. Niliibandika ukutani, watu wanaiegemea tu."

"Unataka niisome mimi?"

"Nataka uichore. Visanduku vinne, kama katuni za gazeti. Mtu aangalie akisubiri posho isagwe, na aende nyumbani akijua."

Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi kuliko inavyofaa. Nilikumbuka nyoka wa shaba aliyeinuliwa jangwani ili walioumwa wamtazame wapone. Nikajiambia, haya, na mimi nimepewa nyoka wangu.

Kazi ya kwanza haikuwa kuchora, ilikuwa kupunguza. Karatasi ile ilikuwa na mambo mengi: aina za nyoka, majina ya dawa, namna ya kufyeka nyasi karibu na nyumba. Daktari alisema kila kisanduku kibebe jambo moja. Tulibishana mpaka vikombe viwili vya chai vikaisha. Mwishoni tulibaki na haya. Cha kwanza, mama anaumwa mguuni shambani. Cha pili, jirani anakuja na wembe na kamba, na mwingine anamzuia. Cha tatu, mama amelala ametulia, mguu umefungwa kwenye ubao bila kukazwa. Cha nne, hospitali.

Katika cha pili nilitaka kumchora mtu akikata kidonda, kisha nimwekee alama kubwa ya X. Daktari alikataa.

"X anaijua aliyewahi kukosa hesabu shuleni, Susu. Mwingine ataona mtu anakata na wembe, na yeye aende akakate."

Kwa hiyo nilichora mkono ukisukuma wembe, na kamba imeanguka chini. Viputo vya maneno nilijifunza pia. Kile cha anayesema kwanza kinakaa kushoto na juu kidogo. Mkia wake uelekee mdomo wa msemaji, sio kichwa cha jirani. Maneno yasizidi matano: "Usikate! Usifunge kamba!" Na mama wa picha avae nguo ileile toka mwanzo mpaka mwisho, ili aonekane ni yeye yule. Nilimpa leso ya nukta.

Tatizo lilikuwa kisanduku cha tatu. Nilimchora mama mzima, ubao ukawa mdogo kama njiti ya kiberiti. Daktari akasema, "Hapo ukuze mguu, waone vitambaa vimefungwaje." Nikaukuza. Mguu ukajaza kisanduku chote, kutoka goti kwenda chini, na vidole vitano vizuri kabisa. Nilijivunia vile vidole. Katika cha nne nikamweka mama kitandani, anatabasamu, blanketi limemfika kifuani.

"Sasa usimpe mtu," daktari alisema. "Lazima kwanza tuwaonyeshe watu ambao hawajaiona, na tusiwaeleze kitu. Tuwaulize tu wanaona nini."

Nilikubali. Lakini wiki ileile nilikuwa na safari ya Kasikeu, kwa mdogo wangu aliyeolewa huko, na katika mkoba nilitia nakala moja. Nasema ukweli mbele za Mungu: niliipeleka nisifiwe. Mdogo wangu alinisifu, akaibandika kwenye mlango wa ghala, mahali ambapo akina mama wa jirani hukutana kupepeta ndengu. Nikarudi Kitui na furaha yangu.

Siku ya nne asubuhi simu ililia. Alikuwa mdogo wangu, na sauti yake haikuwa yake.

"Dada, kuna msichana hapa ameumwa na nyoka akivuna ndengu. Mkamwana wa huyu mama wa hapa nyuma. Ni kifutu, yule mnene hakimbii. Mguu unavimba."

"Mpelekeni hospitali!"

"Mama mkwe wake amekataa. Anasema huko wanakata miguu. Dada, anasema ameona kwa karatasi yako."

Kule kulikuwa na msichana anayeingiwa na sumu, na karatasi yangu ndiyo iliyosimama mlangoni kumzuia.

Nilimwomba ampe simu yule mama mkwe. Mwanamume wa nyumba alikuwa kazini mbali, na neno la pale lilikuwa la mama huyo. Hata salamu hakusubiri.

"Ni wewe umechora huo mguu umekatwa?"

"Mama, haukukatwa. Umefungwa ubao usisogee."

"Mwenye mguu yuko wapi?"

"Nafasi kwa karatasi ilikuwa ndogo," nilisema.

"Kwa hivyo ukamwacha nje?"

"Yuko hapo mbele, kitandani. Si unaona anatabasamu?"

"Namwona. Miguu yake iko wapi?"

"Chini ya blanketi."

"Nani ameiona?" Aliguna. "Mimi sikusoma, lakini macho ninayo. Hapa mguu uko peke yake, hapa mtu yuko bila mguu. Huyu msichana ana miaka ishirini na mbili na ana mtoto mgongoni. Nani atamlimia akiwa na mguu mmoja?"

Niliona kwamba mama huyu hakuwa mkaidi. Alisoma picha kwa mpangilio nilioweka mimi mwenyewe, ya tatu kisha ya nne, na alisoma sawa. Alikuwa akimlinda mkamwana wake na kitu nilichomwonyesha mimi.

Nikamwambia, "Mama, nimekosa. Nipe dakika chache nimrudishie miguu yake. Lakini msichana asitembee hata hatua moja. Alale, atolewe viatu na ushanga wa mguuni kabla uvimbe haujabana."

"Hilo sawa," alisema.

Nilimpigia daktari, akasema hivyohivyo, akaongeza kwamba watafute gari wakati mimi nachora, wasingoje picha ndipo watafute. Nikamwambia mdogo wangu. Kisha nikachukua kalenda iliyokuwa ukutani, ya mwaka huuhuu, nikapasua mwezi uliokuwa haujafika. Niliomba huku nachora, na maombi yenyewe hayakuwa na maneno mazuri.

Nilimchora mama wa leso ya nukta amelala, mzima toka kichwani hadi vidoleni, na ule ubao kwenye mguu wake, jirani amemshika mkono. Kisha nikamchora tena hospitali. Safari hii blanketi nililikunja pembeni. Ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu miwili inaning'inia, na chini ya kitanda nikaweka malapa yake, mawili, yametazamana na mlango kama ya mtu anayekaribia kwenda kwake. Nikapiga picha kwa simu, kama tunavyotumiana ratiba za kwaya, nikaituma.

Nikampigia mdogo wangu, akamwonyesha mama ile picha simu ikiwa wazi. Ikaja sauti ya yule mama mkwe ikihesabu, polepole.

"Mguu mmoja. Mbili. Viatu viwili. Haya. Mtu wa mguu mmoja hawekewi viatu viwili. Mwinueni, lakini asikanyage chini."

Gari la jirani anayebeba machungwa lilikuwa limeshageuzwa. Walimlaza kwenye kiti cha nyuma, ule mguu ukiwa na ubao wa sanduku la machungwa na leso mbili zilizofungwa kwa upole. Mama mkwe alipanda naye, na mdogo wangu pia. Mdogo wangu alinisimulia kwamba yule mama alishika simu yenye ile picha njia nzima, kama kitambulisho.

Jioni mdogo wangu alinipigia. Msichana amewekewa dawa ya sumu kwa mshipa, wanamwangalia kila saa, mguu umevimba mpaka paja lakini daktari wa huko amesema wamefika mapema kiasi cha kutosha. Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini nikalia kwa furaha, na kuku wakanikimbia.

Alikaa hospitali siku sita. Ngozi ya kifundo ilitoka malengelenge na ikachukua majuma kupona, lakini alirudi kwa miguu yake. Mama mkwe alinipigia mwenyewe kunijulisha.

"Viatu amevaa vyote," alisema. "Lakini ile leso umemchorea, nukta kubwa hivyo nani anavaa?"

Nilizipunguza nukta.

Daktari hakunigombeza. Aliniambia tu, "Sasa unajua kwa nini tunauliza kwanza," na hilo lilinitosha. Safari hii tulifanya kama alivyotaka. Tulienda na picha mpya kwa akina mama wa kanisa, kisha Kasikeu kwenye ndengu zile zile. Tulisema, "Mwanzo wa habari ni wapi? Huyu anafanya nini?" kisha tukafunga midomo. Kunyamaza kulinishinda kuliko kuchora. Mara mbili daktari alinikanyaga kidogo. Kule Kasikeu mama mkwe aliketi mbele kabisa, akiwasahihisha wenzake, mpaka tukamwomba anyamaze pia. Walitufanya tuandike namba kwenye visanduku, na tumwongezee nyoka mwili, maana mmoja alimdhani ni kamba ya pili.

Karatasi hiyo sasa iko zahanati, iko kwenye kinu cha kusaga, iko mlangoni mwa kanisa letu. Watu husimama mbele yake wakinyoosha vidole. Nikipita huwa sitazami nyoka wala wembe. Natazama chini ya kitanda, nahesabu viatu, na moyo wangu unatulia.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu aongoze nyayo zako shambani na njiani. Akupe jirani mwenye mikono ya upole, na mtu wa kukuuliza umeona nini. Na kila utakapolala, uamke ukute viatu vyako viwili mahali ulipoviacha. Amina.