Mtoto wa Saba wa Bibi Lidia

Chama cha ushirika kilipopunguza watu baada ya kahawa kuachiwa wanunuzi binafsi, Notburga Kapinga alikuwa miongoni mwa makarani wa kwanza kurudishwa nyumbani. Akaenda Songea miezi mitatu kujifunza kompyuta, na mwaka 2002 akapata kazi Mbinga mjini, katika mradi wa kanisa uliogawa sare za shule kwa yatima wa milimani na wa ziwani.

Orodha aliyoikuta ilikuwa na mstari mmoja kwa kila mlezi: namba, jina, kijiji, na mwisho safu iliyoitwa “Watoto”. Humo watoto wote wa mlezi walikuwa wamesongamana, wametenganishwa kwa alama ya mkato tu. Wafadhili walipoandika kwamba sasa wanataka kila mtoto awe na mstari wake, mratibu, Mzee Mansuetus, alimkabidhi Notburga kazi hiyo.

Aliiamuru kompyuta ivunje safu ile kila penye mkato, majina yakatawanyika kwenye safu kumi. Kisha akazichukua safu hizo moja moja, akazipanga chini ya nyingine, kila jina likiwa na namba ya mlezi wake ubavuni. Akafuta mistari mitupu na nafasi zilizobaki mbele ya majina. Walezi wakabaki kwenye jedwali lao, watoto wakapata lao, na ile namba ndiyo iliyoyaunganisha. Watoto 1,143. Alifurahi hasa.

Akayapanga majina kwa alfabeti ili akague. Hapo ndipo alipokutana na mtoto anayeitwa Eliz. Mbele kidogo palikuwa na Jo. Halafu M, herufi moja tu, mtoto wa kijiji cha Litumbandyosi.

Alirudi kwenye safu ya zamani akahesabu herufi za mstari wa Eliz, namba 214, Bibi Lidia wa Liuli: “Nathanieli, Marselina, Rodrick, Aidan, Recho, Eliz”. Ukihesabu mikato na nafasi, zilikuwa hamsini kamili. Wa Jo hamsini. Wa M hamsini. Safu ilikuwa imepimiwa herufi hamsini. Zilipojaa, mashine ilikataa kupokea zaidi, na aliyekuwa akiandika akahamia kwa mlezi mwingine. Akaiambia kompyuta ipime mistari yote. Ishirini na tisa ilikuwa na hamsini. Mingine kati ya hiyo iliishia kwenye jina zima, na hiyo ndiyo iliyomtisha, kwa kuwa kwa macho haikuwa na kasoro yoyote.

“Mzee, fomu za mwanzo ziko wapi?” alimuuliza Mzee Mansuetus.

“Zile za karatasi? Zilipoingizwa kwenye mashine tulizipeleka jikoni.” Alivua miwani. “Zilitumika kuwashia moto, Notburga.”

Orodha ilitakiwa Jumatatu. Notburga aliomba siku tatu, akapanda lori la kwenda Mbamba Bay kufuata usipa, dagaa wa ziwani, na kutoka hapo akaenda Liuli. Katika walezi ishirini na tisa alifanikiwa kuwaona sita. Bibi Lidia alikuwa wa nne. Alimkuta akianua mihogo iliyokauka juu ya mwamba.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nimekuja kuhakiki majina ya wajukuu. Huyu aliyeandikwa Eliz ni nani, na baada yake yupo mwingine?”

“Ni Eliza. Halafu yupo Tabitha.” Alisema bila kusita. “Miaka miwili sasa mnaleta mfuko wa sare sita. Tabitha na Eliza wanavaa moja, huyu leo, yule kesho. Asiye na sare harudishwi, lakini mwenyewe huona aibu, haendi.”

“Mbona hukusema, bibi?”

“Niliwatajia saba, wakaandika nikiona. Zilipokuja sita, nikadhani mmeona saba ni wengi.”

Notburga angemwelezaje kuhusu herufi hamsini? Alisema tu, “Ni kosa letu, bibi,” na yule mzee akaitikia kwa kichwa kama anayeombwa radhi kwa mvua kunyesha.

Jumatatu alasiri, vumbi likiwa bado nyweleni, aliongeza mistari kumi na mmoja. Wa Tabitha ulimchukua nusu dakika: namba 214, jina, basi. Mzee Mansuetus alikuja akasimama nyuma yake.

“Orodha nimeshaituma,” alisema. “Ijumaa. Gari la posta lilikuwa linaondoka, nikaogopa tusije tukakosa wote. Wanapokea mara moja kwa mwaka.”

Notburga aliwaandikia wafadhili barua ya kuomba nyongeza. Jibu lilikuja baada ya wiki saba, la heshima: majina mapya yatafikiriwa mwakani. Kuhusu walezi ishirini na watatu ambao hakuwafikia hakuwa na la kuandika, maana hakujua hata wamepungukiwa na watoto wangapi.

Sare zilipofika, alipewa karatasi za kubandika kwenye mifuko, moja kwa kila mtoto. Zilichapwa kutoka orodha iliyotumwa Ijumaa. Aliongeza herufi ya a kwa kalamu kwenye ya Eliza. Ile ya M, ambaye mlezi wake hakumfikia, aliishika, akaiweka mezani, akaishika tena, kisha akaibandika.