Picha ya Saba Kutoka Tanga

Baba yangu, Msaidié, aliendesha lori la idara ya barabara ya Mahajanga, kwenye kisiwa chetu kilichotawaliwa na Wafaransa, kwa miaka ishirini na saba. Alama nyingi za njia ya kwenda Boanamary alizisimika mwenyewe, akachimba shimo, akamimina zege, kisha akarudi nyuma hatua kumi kutazama kama zimenyooka. Alizipenda kuliko alivyotupenda sisi, na nasema hivyo bila kumwonea. Kitabu chake cha sheria za barabarani kilikaa kwenye rafu iliyo chini kidogo tu ya ile ya msahafu.

Kaka yangu Daoud alijifunza udereva kwake akapata leseni, na mwaka 1954 akapanda meli kwenda Unguja, akavuka mpaka Tanga, akapata kazi kwenye shamba la mkonge. Mzungu wa shamba alimwuliza kama anazijua barabara za Waingereza. Daoud akasema anazijua. Hakuwa amezikanyaga hata siku moja. Leseni yake ya Kifaransa ikabadilishwa bila mtihani, akakabidhiwa lori.

Sasa afanyeje? Lugha haikumshinda, maana sisi ni Wangazija, na Kiswahili cha Tanga na Kingazija chetu cha nyumbani ni ndugu. Lakini kumwuliza dereva mwenzake maana ya alama ilikuwa sawa na kukiri kwamba alidanganya. Akanunua kamera ya mkono wa pili, akapiga picha za vibao na mistari ya barabarani, akamtumia Baba.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Antanimasaja, aliyesoma shule nilikuwa mimi, Moinaecha, kwa hiyo kusoma na kuandika barua ilikuwa kazi yangu. Zilikuja picha saba ndani ya bahasha moja. Baba alizipanga mkekani kama mtu anayepanga karata, akavaa miwani, akazitazama, kisha akakasirika.

“Hazina rangi! Duara jekundu linakataza, duara la buluu linaamuru. Hapa yote ni kijivu. Nitamwambiaje?”

Tukamrudishia zote, aandike rangi nyuma ya kila moja. Baada ya wiki saba zikarejea zimeandikwa, na Baba akafurahi kama bwana harusi. Siku ile alikuwa mtu mkubwa kweli, nami sitamnyima sifa yake. Duara lenye ukingo mwekundu na namba 30 alilijua mara moja. “Mwambie ni mwendo, lakini ni maili, si kilomita. Aitazame saa ya mwendo ya lori lake.” Pembetatu iliyopinduliwa ndani ya duara, chini yake imeandikwa HALT, neno hilo alilisoma kwa Kifaransa, akacheka. “Hapo asimame kabisa, magurudumu yatulie.” Mstari mnene mweupe uliokata upande mmoja wa barabara kwenye njia panda, alisema hauigawi barabara, ni wa kusimamia, magurudumu ya mbele yasiuvuke. Aligundua hata desturi yao: Waingereza huweka pembetatu tupu nyekundu juu ya mlingoti, na picha ya hatari yenyewe huiweka kwenye kibao cha chini yake. Kote huko hakukosea.

Picha ya saba ilikuwa na pembetatu hiyo tupu. Kwenye kibao kulikuwa na kitu kama kikombe kirefu chenye mpini, kinawaka moto juu. Chini ya moto huo palikuwa na neno, ila nyasi zilikuwa zimelifunika. Daoud alikuwa ameipiga upesi akiwa ndani ya lori, nyapara kasinzia pembeni yake.

Baba aliigeuza, akaileta dirishani, akairudisha mkekani. Nikamwambia, “Baba, tuandike kwamba hii hatuijui. Au tumpelekee yule mfanyabiashara wa vitambaa wa bandarini, aliyewahi kukaa Mombasa kwa Waingereza.”

“Mimi? Miaka ishirini na sita, nikamwulize muuza vitambaa alama ya barabarani?”

Kisha akapiga goti lake kwa kiganja. Kwenye machimbo ya mawe alikokuwa akipakia kokoto kulikuwa na ghala la baruti, na madereva walikatazwa kusimama karibu yake. “Ni ghala. Mafuta au baruti. Andika: zima sigara, usisimame, usikawie, pita upesi.”

“Lakini pembetatu ni hatari, Baba, na kwenye hatari mtu hupunguza mwendo. Umenifundisha wewe.”

“Hatari ya baruti ni kukaa. Andika.”

Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, Baba aliusifu.

Karibu mwaka mzima Daoud alipita mahali pale alfajiri, kwa kawaida barabara ikiwa tupu, na kila alipopita alikanyaga mafuta. Siku moja gurudumu lilipasuka njiani, akachelewa. Alifika kwenye kile kibao adhuhuri. Nyuma ya kona hapakuwa na ghala. Palikuwa na shule, na watoto walikuwa wanatoka. Alimgonga binti wa miaka tisa aliyeitwa Mwanahamisi. Mtoto alifia palepale.

Barua ya Daoud iliyotuletea habari hizo ilikuwa fupi. Alieleza kwamba ule moto ulikuwa mwenge, ambao Waingereza huuchora kwa maana ya elimu, na lile neno lililofunikwa na nyasi lilikuwa “shule”. Alikuwa amehukumiwa kifungo cha miezi kumi na minane. Mwisho aliandika: “Mahakamani nimewaambia sikumwuliza mtu yeyote. Baba asihangaike.”

Nilimsomea Baba mara moja tu. Hakuniomba nirudie. Akasema, “Mwandikie hakimu. Sema ni mimi.” Nikaandika kwa Kifaransa, ukurasa mzima, naye akatia sahihi. Hatukujibiwa. Sijui kama hakimu yule alijua Kifaransa, wala kama barua ilifika.

Mwezi uliofuata Baba alirudisha funguo za lori. Mkuu wa idara alimwuliza kama anaumwa, akasema anaumwa. Akahamia kisiwa cha Nosy Be, kijiji cha Andilana, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake, mahali ambapo enzi zile gari lilikuwa jambo la kusimuliwa. Nilimfuata. Kila Ijumaa alimsomea Mwanahamisi Yasini, akimtaja kwa jina kama mtoto wa nyumbani. Nilimwonea huruma, na siku nyingine nilimchukia. Nilijichukia na mimi pia, maana kalamu niliishika mimi, na ningeweza kuandika neno moja tu: hatujui.

Daoud alikuja mwishoni mwa mwaka 1957. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza mvi akiwa na miaka thelathini na mmoja. Alimbusu Baba mkono, wakakaa kibarazani, mimi nikiwa mlangoni na sinia ya chai. Waliulizana habari za safari, za bahari, za watu wa Mahajanga. Chai ikapoa.

Kisha Baba akauliza, bila kumtazama, “Mwaka mzima ulipita pale. Hukuwahi kuona mtoto hata mmoja?”

Nikaomba Daoud asijibu.

“Niliwaona, Baba,” akasema. “Mara mbili. Alfajiri, kando ya njia, wameshika sileti. Nikajiuliza, watoto wanatafuta nini karibu na baruti? Halafu nikasema, Baba hawezi kukosea.”

Baba alivua kofia yake, akajifunika nayo uso. Daoud alimshika goti akabaki amelishika, haelewi amesema nini kibaya, maana kwake yale yalikuwa maneno ya heshima. Nami nilisimama pale na sinia yangu, nikitamani kaka yangu, aliyewahi kudanganya ili apate kazi, angedanganya mara moja zaidi.