Chumba cha Mama Mdogo Hakijapita

Kukagua chumba ni kazi ya kumtilia mtu shaka, na mimi kipaji hicho ninacho. Katika gesti ndogo ya Kihesa, pale Iringa, ambako mimi ni msimamizi wa usafi, wahudumu wananiita dada, na wanasema nina macho ya mama mkwe. Naingia na fomu yangu, naanzia mlangoni na kuzunguka chumba mpaka narudi mlangoni: kitasa, swichi, pazia, kitanda na chini yake, kioo, sinki, choo. Kilicho sawa nakipigia tiki. Unywele mmoja kwenye sinki unatosha kumrudisha mtu kazini, hata kama ameshavua aproni.

Siku moja mtu huyo alikuwa mama yangu mdogo.

Ndiye aliyenilea kule Kilolo baada ya mama kufariki. Alinibeba, aliniogesha, alinichapa, alilima viazi nikasoma. Magoti yake yalipokataa shamba, nilimwombea kazi kwetu. Mwenye gesti, mama asiyependa maneno mengi, alikubali kumjaribu wiki moja. Siku ya mwisho angekuja mwenyewe kusimama nikikagua, na chumba hicho ndicho kingeamua kama mama mdogo anabaki au anarudi kwenye jembe.

Nilimfundisha utaratibu wetu. Bisha hodi hata kama unajua mgeni ameondoka. Fungua dirisha, vua matandiko, toa takataka, angalia kama mgeni amesahau kitu. Mwaga dawa chooni mapema ili ifanye kazi wakati unafuta vumbi, kutoka juu kwenda chini. Kitambaa cha choo hakigusi kitu kingine. Tandika, kisha deki ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Alishika yote, na nilijivuna kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Asubuhi ya ukaguzi kulikuwa na baridi ile yetu, ukungu umelala juu ya mabati na shuka za jana bado mbichi kambani. Mwenye gesti alimwamkia mama mdogo shikamoo, akasimama mlangoni. Nikazunguka. Kioo kiling'aa. Sinki kavu. Choo hakina doa. Nilikuwa natabasamu nilipofunua blanketi.

Shuka inayotoka stoo ina mstari wa pasi katikati. Ndio tunaoutumia kuilinganisha na kitanda. Shuka hii haikuwa nao. Ilikuwa imenyooshwa kwa kiganja, kwa ustadi kabisa, na ilikuwa imelaliwa.

 Mama mdogo alisogea, akaninong'oneza kama tulivyozoea jikoni kwake.

"Mwanangu, yule dereva wa kutoka Idodi kalala usiku mmoja tu, na sweta lake. Hata jasho hana. Na hizi shuka kwa baridi hii zitakauka lini?"

Hakuwa mvivu. Kwake shuka ya usiku mmoja ni safi, na kumfulisha mtu bure kwenye maji yale ya baridi ni kumwonea. Nilimwelewa, na kuelewa huko ndiko kulikonitesa. Mwenye gesti hakuwa ameona kitu. Tiki moja, na mama yangu angepata kazi.

Lakini kuna mgeni angekuja jioni, angevua viatu na kujifunika shuka ya mtu mwingine, akituamini.

"Kimepita?" mwenye gesti aliuliza.

"Hakijapita," nikasema. "Shuka hazijabadilishwa."

Mwenye gesti alimtazama mama mdogo, kisha mimi. "Arudie. Kikikataa tena, aende nyumbani." Akaondoka zake.

Mama mdogo alisogea kitandani. Alivua kitanda chote, foronya pia, akaenda stoo kwa magoti yake yale, akarudi na shuka zilizokunjwa. Nilishika ncha ya upande wa pili ili nimsaidie. Nilikuwa nataka kulia.

"Acha," alisema. "Wewe kagua."

Nikasimama pembeni. Alilinganisha mstari, akachomeka pembe, akaenda upande wa pili akachomeka nyingine, akavuta blanketi. Alipomaliza, alitoka hadi mlangoni akasimama, mikono nyuma, macho chini, kama wanavyosimama wahudumu wote wanaponisubiri.

Sikuwahi kumwona akisimama hivyo mbele ya mtu. Nilifunua, nikatazama, nikafunika. Nilitamani kumkumbatia, nikaogopa.

"Kimepita," nikamwambia.

Aliinua ndoo yake. Usoni hakuwa na hasira wala mzaha.

"Ahsante, dada," akasema, akaenda kubisha hodi chumba kinachofuata.