Mashimo ya Kale na Pombe ya Mama

Miaka ya hamsini ilipoanza nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja mjini Shinyanga. Walimu tulikuwa na chama kidogo cha historia. Jumamosi mchana tulikutana darasani, mmoja akasoma alichochunguza, wengine wakakipinga. Tulitaka kuwaandikia watoto kitabu juu ya nchi yao, maana vitabu tulivyofundishia vilianzia pale Mzungu aliposhuka pwani.

Zamu yangu ilipofika, nilidai kwamba watu wa Geita walichimba dhahabu kabla ya Wazungu. Nilikuwa na ushahidi wa aina mbili: mashimo ya kale niliyoyaona porini, yameota miti mikubwa ndani yake, na maneno ya mzee mmoja wa kambi ya wachimbaji, aliyenisimulia jinsi dhahabu hiyo ilivyochukuliwa na misafara mpaka Tabora.

Nilipokaa, akasimama mwalimu wa hesabu, mtoto wa ukoo wa kitemi, ukoo wa machifu.

"Bwana Mwenyekiti, tumjue kwanza msemaji. Mama yake anauza pombe kambini Geita. Habari hii imezaliwa kilabuni, na ya kilabuni hatuna haja ya kuyajibu."

Watu wakacheka. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale habari za mama. Pombe ile ndiyo iliyonisomesha, nami nilikaa nikitazama viatu vyangu kana kwamba nimekamatwa nikiiba.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mzee wa Kinyamwezi, hakucheka.

"Mashimo yapo, au hayapo?" alimuuliza.

"Sijui, sijafika."

"Basi kazi ya mama yake haiyafukii. Hata mlevi akikwambia kuna shimo, nenda ukatazame. Na habari haiwi uongo kwa kuzaliwa kilabuni. Ingezaliwa kanisani bado tungeipima."

Nikafikiri nimeokoka. Ndipo mwalimu wa shule ya wasichana, mwanamke pekee kati yetu, akauliza kwa upole, "Huyo mzee aliiona misafara hiyo mwenyewe, au alisikia? Alifika Geita lini?"

Mwalimu wa hesabu akadakia, "Mbona yeye anaruhusiwa kumchambua mtu, mimi nakatazwa?"

"Kwa sababu shimo halitaki tumwamini yeyote," mwenyekiti akasema. "Lakini habari ya Tabora tumeipata kwa mdomo wa mzee peke yake. Lazima tujue kama alikuwepo, kama anakumbuka, kama ana faida kusema hivyo. Kama alikuwa amelewa wakati anasimulia, nalo tuambiwe. Lakini kuwa mtu wa kilabuni tu hakutufundishi kitu juu ya dhahabu."

Wote wakanigeukia. Sikuwa nimemuuliza mzee hata swali moja kati ya hayo. Safari hii hakuna aliyecheka, na aibu yake ilikuwa kali kuliko ile ya kwanza, maana hii ilikuwa yangu kweli.

Likizo ilipofika nilikwenda Geita. Mzee alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mimi nilikuja Wazungu wameshafungua mgodi, mwanangu. Hayo niliyasikia kwa wapagazi. Nikaona unafurahi, nikaendelea."

Nilirudi kwenye mashimo nikiwa na jembe. Ndani na kandokando niliokota mabonge meusi, mazito, yenye vitundu: mavi ya chuma, yale yanayobaki watu wakishayeyusha mawe ya chuma. Hakuna nilichokiona kilichozungumzia dhahabu.

Nilisoma haya yote chamani, uso ukiniwaka. Mwalimu wa hesabu akasema, "Si nilisema?"

"Ulisema dhahabu si kweli," mwenyekiti akamjibu, "na huenda si kweli. Lakini sababu uliyotoa siyo iliyotufikisha hapa. Tungeifuata, hata hicho chuma tungekitupa."

Baada ya kikao mwalimu wa hesabu alinifuata, akaomba twende wote akayaone mashimo. Sikuweza kukataa, na kule hapakuwa na mahali pengine pa kulala isipokuwa kwa mama.

Mama alitupokea na mikono yenye unga wa kimea. Mgeni akasema, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia marahaba, akamtandikia mkeka, akaleta ugali na samaki. Tulipokuwa tunakula alimuuliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu kilichojaa Kisukuma, "Huyu mwanangu huko kwenu, akisema, watu wanamsikiliza?"

Mwalimu wa hesabu aliweka tonge chini. "Wanamsikiliza, mama," alisema, bila kuinua macho. Mama akafurahi, akamwongezea samaki. Mimi nilishindwa kumtazama yeyote kati yao.