Moyo Uliosikika Ukumbi Mzima

Wodini walimwita Dada Taratibu, na jina hilo hakulichagua. Wagonjwa ndio waliompa. Mtu akiletwa anahema, macho yametoka, mkono umekamata shuka kama anayezama, yeye huvuta kiti, hukaa, husema, "Taratibu. Usivute hewa kwa pupa. Toa kwanza. Toa yote, kama unapoza uji." Na mgonjwa hutoa. Kwenye kioo cha mashine ya moyo namba huanza kushuka, na jamaa waliosimama mlangoni hudhani dada huyu ana dawa mfukoni.

Sasa msikilize mwenye dawa. Huyu aliyewatuliza watu miaka kumi na tisa katika wodi ya wagonjwa wa moyo hakuweza kusimama mbele ya watu kumi akasema "karibuni." Kwenye vikao vya asubuhi aliripoti akiwa amekaa, tena kwa sauti ya chini, macho kwenye viatu. Mara mbili alipewa nafasi ya kufundisha wanafunzi wa uuguzi. Mara ya kwanza alisingizia mafua. Mara ya pili alisimama, akafungua mdomo, moyo ukaanza kumpiga mpaka masikioni, akatoka nje na hakurudi. Mganga hajigangi, waliosema hivyo walisema kweli.

Lakini haikuwa haya tu. Alipokuwa na miaka kumi, baba yake, fundi cherehani mcheshi aliyependwa mtaa mzima, alisimama kwenye harusi ya binamu kutoa neno la shukrani. Alisema maneno matatu hivi. Akashika kifua, akaanguka katikati ya viti, na hakuinuka tena. Daktari aliwaeleza baadaye kwamba mshipa wa moyo ulikuwa umeziba kwa muda mrefu, kwamba hata kama angekuwa kitandani, siku hiyo ingefika. Mama yake hakusikia neno hata moja. Alichosikia ni kwamba mumewe alisimama mbele za watu akafa. Tangu siku hiyo kukawa na sheria nyumbani kwao: usisimame kusema. "Sisi mioyo yetu haiwezi kadamnasi," mama alisema, na watoto walikua nayo sheria hiyo kama wengine wanavyokua na dini.

Dada Taratibu alisoma, akajua mishipa yote ya moyo na kazi zake, akafaulu. Ile sheria ikabaki pale pale, chini ya elimu yote. Kichwa kilijua, moyo haukukubali.

Mwaka huo Muuguzi Mkuu, mama mmoja mfupi asiyependa kubembeleza, alikuwa anakaribia kustaafu. Alimwita ofisini.

"Darasa la mashine ya moyo nakuachia wewe."

"Mkubwa wangu, mimi na umati..."

"Mwanangu, nimesikia. Fundisha Jumatano hii moja. Ukishindwa, nitamtafuta mwingine na sitakuuliza tena maisha yangu yote. Lakini ujue ulichonacho kitaondoka na wewe."

Akakubali.

Jumatano ukumbi ulijaa. Wanafunzi wapya, sare zimepigwa pasi mpaka zinakata, wamepanga safu hadi mlango wa nyuma. Mbele kuna kitanda, mashine ya moyo kwenye meza yenye magurudumu, na kioo kikubwa ukutani kinachoonyesha yaliyomo kwenye mashine. Mwanafunzi aliyetakiwa kulala kitandani aunganishwe waya alikuwa ameugua homa. Muuguzi Mkuu, bila kuinua macho, akasema, "Jiunganishe mwenyewe, si moyo ni moyo tu?"

Akaenda nyuma ya pazia, akabandika vibandiko vyake, viwili chini ya mifupa ya mabega na vingine chini ya mbavu, akarudi na waya zikimning'inia kama amevishwa mikufu ya ajabu. Mpango wake ulikuwa rahisi: ataelekeza kidole kwenye kioo, aseme, "Hili ni pigo la kawaida," kisha ataketi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulijua. Wodini sauti ya mashine hupunguzwa, ili wagonjwa wasitishike na mapigo yao wenyewe. Muuguzi yeyote wa wodi ile akiishika mashine huamini kwamba iko kimya, wala haangalii tena. Lakini fundi wa mashine, kijana mwema mwenye msaada usioombwa, alikuwa ameiunganisha na spika za ukumbi. Wa nyuma nao wasikie, alifikiri.

Dada Taratibu akasimama mbele ya macho yale yote. Akabonyeza kitufe.

*Ti-ti-ti-ti-ti-ti.*

Ukumbi mzima ukausikia moyo wake. Ulitoka kwenye kuta, kila kona, haraka kama cherehani iliyokanyagwa na mtu mwenye haraka ya sikukuu. Kwenye kioo namba ilisoma mia moja thelathini na nne. Juu ya hayo yote kengele ya tahadhari nayo ikaanza kulia, taa nyekundu ikawaka. Safu ya tatu wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, dada anakufa!"

Naye aliamini hivyo. Mikono imekuwa barafu, ulimi umekauka, akamwona baba yake amesimama katikati ya viti, ameshika kifua. *Ndiyo leo,* akajiambia. Fundi akaruka kuizima sauti, uso umemwiva kwa aibu.

Hapo macho ya Dada Taratibu yakaangukia kioo. Kazi ya miaka kumi na tisa ndiyo iliyomfanya aangalie, maana hakuwa na namna ya kuona mstari wa moyo asiusome. Akausoma. Kilima kidogo, kisha mlima mkali, kisha kilima laini. Kilima kidogo, mlima, kilima. Kila pigo limefuata lililotangulia kwa mpangilio, hakuna lililoruka, hakuna lililochanika, na nafasi baina yao zote zimepangika. Aliwahi kuona mistari ya mioyo inayokufa, mingi sana, akaijua kama anavyozijua sura za ndugu zake. Huu haukuwa mmoja wao. Huu ulikuwa moyo mzima unaokimbia.

"Iache," akamwambia fundi. Sauti yake ilitoka ndogo na kavu. "Izime kengele tu. Hii sauti iache."

*Ti-ti-ti-ti-ti.*

"Mnachosikia," akasema, "ni mimi ninaogopa."

Kicheko kikafa. Akaendelea, neno moja moja, na moyo ukimpigia ngoma kila neno. "Hakuna simba humu. Lakini ubongo wangu umeona macho mia, ukaamua nipo hatarini. Tezi zilizokaa juu ya figo zimemwaga homoni kwenye damu. Moyo umeambiwa upige haraka, damu iende miguuni nikimbie. Ndiyo maana mikono imekuwa baridi, ndiyo maana mdomo umekauka. Moyo hauumwi. Unatii." Alipolisema neno hilo la mwisho alitua kidogo, maana ndipo naye alipolisikia.

Akavuta kiti, akakaa kando ya kitanda kitupu, kama anavyokaa wodini. Akajiambia kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima, maneno aliyowaambia wagonjwa maelfu.

"Taratibu. Toa kwanza."

Akatoa pumzi yote. Akavuta kwa pua, tumbo likajaa, bila pupa. Akatoa tena polepole, muda mrefu kuliko alivyovuta. Na hapo likatokea lile ambalo wengine hulisoma vitabuni wakalisahau. Alipovuta hewa, *ti-ti-ti-ti*, mapigo yakabanana. Alipotoa, *ti... ti... ti*, yakaachana. Akavuta, yakabanana, akatoa, yakaachana. Watu waliokuwa wakiandika wakaacha kalamu. Waliweza kusikia pumzi ya mtu inavyoushika moyo wake, inauachia, inaushika.

"Kuna mshipa wa fahamu mrefu," akasema, sasa kwa sauti yake, "unashuka kutoka kwenye ubongo mpaka moyoni. Ni breki. Ukitoa pumzi, breki inakanyagwa. Ukivuta, inalegea. Ukizitoa polepole, ndefu, breki inapata nafasi ya kufanya kazi. Moyo hauamrishwi na mtu. Lakini mlango huu mmoja tumeachiwa."

Mia moja ishirini. Mia moja na kumi na mbili. Ikapanda kidogo alipokutana na macho ya Muuguzi Mkuu, watu wakaona, wakacheka, na safari hii naye akacheka. Kisha, pasipo yeyote kuwaambia, safu ya mbele wakaanza kupumua naye. Kisha safu zote. Mabega mia yakipanda na kushuka pamoja na moyo mmoja ukipungua mwendo kwenye kuta. Fundi alisimama ameshika waya, mdomo wazi, machozi yanamlengalenga, na ukimuuliza leo atakwambia ni vumbi.

Namba ikatulia kwenye tisini na kitu. Haikufika sabini. "Na isifike," akawaambia. "Bado nasema nanyi, bado nina kazi. Homoni zilizokwisha kumwagwa huchukua muda kuisha. Simtafuti mtu asiyeogopa, namtafuta anayejua kinachompata. Ila mtu moyo ukimkimbia akiwa amelala tu, bila sababu, au kifua kinauma, au anazimia, huyo msimpe zoezi la pumzi mkamwacha. Huyo mpelekeni kwa daktari." Akafundisha saa nzima, moyo wake ukimsindikiza kwenye spika, na hakuna aliyesinzia.

Jioni alimkuta mama yake amekaa kibarazani, kanga imekazwa kiunoni, hajala tangu asubuhi. Alijua ilikuwa Jumatano gani.

"Umesimama?" mama akauliza.

"Nimesimama, mama."

"Na moyo?"

"Ulikimbia. Kisha ukarudi."

Mama akamtazama muda mrefu, kama anayemkagua mtu aliyetoka safari ya mbali. Akanyoosha mkono, na Dada Taratibu akavichukua vile vidole vigumu, akaviweka kwenye kifundo cha mkono wake, pale damu inapogonga. Mama hakuwahi kushika pigo la mtu tangu alipolitafuta la mumewe chini ya viti, asilipate. Sasa lilimgonga vidoleni, taratibu, moja baada ya jingine. Machozi yakamtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

"Mdogo wako anaolewa mwezi ujao," akasema mwishowe. "Baba yenu hayupo. Nilikuwa nimepanga asisimame mtu." Akavikaza vidole kwenye kifundo. "Simama wewe. Limalizie lile neno lake."

Vidole vya mama vikashtuka. Pigo lilikuwa limeanza kukimbia, papo hapo.

"Hee! Umeanza!" mama akasema.

"Uache moyo, mama. Umesikia tu habari ya harusi." Akatoa pumzi ndefu, polepole, na mama, vidole vyake bado vimeshika, akatoa naye.